Visanduku 17 vya bure: tiki zako hazimlindi mteja

Wasee, leo tuongee ukweli. Kama umewahi kufanya kazi ya kastama kea hapa Nairobi, ile ya hedseti masikioni na foleni ya tiketi isiyoisha, unaijua ile orodha. Inakaa upande wa kulia wa skrini ikikuangalia kama mama mkwe. Umemsalimia mteja kwa jina? Tiki. Umeonyesha unajali? Tiki. Umehakiki malipo? Tiki. Umeuliza kama kuna lingine la kumsaidia? Tiki. Umemwomba akupe nyota tano? Tiki.

Mahali nilipofanya kazi, orodha ilikuwa na visanduku 17, na kila tiketi lazima uvijaze vyote kabla ya kuifunga. Haijalishi mteja ameuliza nini. Anayetaka kujua duka linafungwa saa ngapi, visanduku 17. Aliyeibiwa pesa, visanduku 17.

Fanya hesabu na mimi. Siku ya kawaida nilikuwa nafunga tiketi 80. Mara 17, hizo ni tiki 1,360 kwa shifti moja. Kila tiki ikichukua sekunde 3 tu, umetumia dakika 68. Yaani saa nzima na ushee unalipwa kubofya visanduku, huku watu wamejaa kwenye foleni wakingoja kuongea na binadamu.

Na bado nitasema kitu ambacho kitawaudhi wenzangu wengi: orodha si adui. Orodha ya visanduku vitano, iliyowekwa mahali pake, ingeniokoa mimi na mteja mmoja ambaye sijamsahau mpaka leo. Vita yangu ni na orodha inayowekwa kila mahali, kwa sababu orodha ya kila mahali hailindi mahali popote.

Ngoja niwaambie venye ilienda.

Tulikuwa tunahudumia duka la mtandaoni. Mteja analipa kwa M-Pesa kupitia paybill, na pale kwenye namba ya akaunti anaandika namba ya oda yake. Dada mmoja alikuwa na oda ya shilingi 3,450. Namba ya oda iliishia 618, yeye akaandika 681. Vidole tu, kila mtu hukosea. Pesa ikaingia kwenye akaunti ya duka vizuri kabisa, lakini mfumo haukujua ni ya nani. Kwa upande wake, oda ikaendelea kusoma "haijalipwa".

Yeye akadhani pesa imekwama. Mzigo aliuhitaji siku hiyo, kwa hiyo akakopa na kulipa tena 3,450, safari hii akiandika namba sahihi. Oda ikapita. Sasa duka lina 6,900 zake, na bei ni 3,450. Kazi ni rahisi: mrudishie moja.

Saa nne asubuhi akatuandikia kwenye chati. Foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyemjibu. Saa sita akachoka, akatuma barua pepe. Ile barua pepe ikawa tiketi nyingine, ikaangukia jirani yangu wa dawati. Jirani akaangalia, akaona malipo yenye namba ya oda iliyokosewa, akayarudisha. Kazi safi.

Saa nane mchana ile chati ya asubuhi ikanifikia mimi. Nikasoma malalamiko: nimelipa mara mbili. Nikafungua oda, nikaona malipo ya pili pamoja na maelezo yake. Nikatafuta la kwanza kwenye taarifa ya paybill, nikalipata. Kweli amelipa mara mbili. Kisanduku cha 14, "Umehakiki malipo?" Tiki, tena kwa moyo safi. Nikarudisha 3,450 kwa kutumia kodi ya malipo ya pili.

Umeona tatizo? Jirani alirudisha kwa kodi ya malipo ya kwanza. Mimi nikarudisha kwa kodi ya malipo ya pili. Mfumo ulikuwa na kinga ya kuzuia kodi moja kurudishwa mara mbili, lakini hizi zilikuwa kodi mbili tofauti. Ukaruhusu. Dada akapata mzigo na pesa zake zote 6,900.

Wiki iliyofuata watu wa hesabu wakagundua. Yule dada alikuwa ameshalipa deni alilokopa na maisha yakaendelea, akidhani duka limeona limemsumbua na kumwonea huruma. Akapigiwa simu kama mwizi, akaunti yake ikafungwa mpaka alipe. Mimi nikapewa barua ya onyo. Sasa sikiliza hii: mkaguzi wa ubora alikuwa ameshaipitia tiketi yangu ile na kuipa alama. Visanduku 17 kwa 17. Asilimia 100.

Alama zote, kazi mbovu. Hapo ndipo nilianza kuuliza hii orodha ni ya nani.

Jibu ni kwamba ilikuwa ya mkaguzi. Kisanduku kinachosema "umehakiki malipo?" hakimwambii ejenti afanye nini kwa mkono. Nihakiki nini? Kwamba pesa iliingia? Niliona iliingia. Sikudanganya. Kisanduku kilichohitajika kingesema hivi: "Tafuta kwa namba ya simu ya mteja kwenye daftari la marejesho. Je, amerudishiwa chochote kwa oda hii?" Hicho ni kitendo. Unaenda, unaandika namba, unaona ndiyo au hapana. Huwezi kukitikia kwa hisia.

Watu wakiongea kuhusu orodha hupenda kurudi kwenye ndege, na wako sawa, ila husoma nusu ya hadithi. Tarehe 30 Oktoba 1935, kule Wright Field katika jimbo la Ohio, Marekani, ndege mpya ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilipaa, ikapoteza mwelekeo na kuanguka. Watu wawili wakafa. Haikuwa na hitilafu ya injini. Ndege ikiwa imeegeshwa, kulikuwa na kufuli la kuzuia upepo usitikise sehemu za usukani, na kabla ya kuruka lile kufuli halikufunguliwa. Rubani hakuwa mgeni wa kazi. Ndege tu ilikuwa na mambo mengi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kukumbuka. Baada ya hapo marubani wakaanza kutumia orodha fupi za kukagua.

Fupi. Hilo ndilo neno ambalo mameneja wetu huliruka. Hakuna aliyemwandikia rubani "umetabasamu kwa abiria?" katikati ya orodha ya kufungua kufuli. Orodha ilibeba vile vitu ambavyo ukivisahau chini, huwezi kuvirekebisha juu.

Sasa leta hiyo akili kwenye foleni ya tiketi. Kwa kazi za kurudia, kuna sekunde moja hatari: ile kabla ya kubofya "rudisha pesa". Kabla ya hapo, kila kosa linarekebishika. Ukisoma oda isiyo yenyewe, unarudi nyuma. Ukiandika jina vibaya, unaomba radhi. Lakini pesa ikishatoka kwenda kwa laini ya mtu, imetoka. Kuirudisha ni kubembeleza. Kwa hiyo orodha ikae hapo tu, kama geti, na iwe hivi:

Moja, tafuta malipo kwenye taarifa ya duka lenyewe. Usiamini skrinshoti ya mteja wala ujumbe aliokutumia. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi unaandikwa kwa dakika mbili na mtu yeyote mwenye simu.

Mbili, tafuta namba ya simu ya mteja na namba ya oda kwenye daftari la marejesho, kwenye njia zote: chati, barua pepe, simu. Kodi peke yake haitoshi, kwa sababu mtu aliyelipa mara mbili ana kodi mbili.

Tatu, toa hesabu. Iliyoingia, ukiondoa anayodaiwa, ndiyo inayorudi. Usirudishe kiasi alichokiandika kwenye malalamiko, rudisha kiasi ulichokipata kwenye hesabu.

Nne, pesa irudi kwa laini iliyolipa. Akisema "nitumie kwa hii nyingine, ile imeharibika", simama. Labda ni kweli. Labda pia anayekuandikia siye aliyelipa. Hapo tiketi inaenda kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Tano, angalia kama mzigo umeshatoka. Ukirudisha pesa ya oda ambayo boda ameshaibeba, umegawa bidhaa bure.

Hivyo tu. Vitano. Kila kimoja kina jibu la ndiyo au hapana, na kila kimoja kipo kwa sababu kikikosekana kuna mtu anaumia mfukoni. Unafanya kazi yako kwa akili yako, venye umezoea, kisha ukifika kwenye geti unasimama na kupitia vitano. Kama sekunde 40 hivi. Na kwa sababu marejesho ni sehemu ndogo ya foleni, hizo sekunde hulipi kwenye kila tiketi, unalipa pale pesa inapotoka tu.

Vile vingine 12 vilienda wapi? Hapa ndipo tunagombana na mabosi.

Kuna vile vya kutupa kwa sababu kosa lake halina madhara ya kudumu. "Oda yangu iko wapi?" ndiyo tiketi ya kawaida kuliko zote. Unafungua, unaona iko kwa mpelelezi wa mizigo mtaa fulani, unamwambia. Ukikosea, atauliza tena baada ya dakika kumi na utamjibu vizuri. Hakuna haja ya orodha. Unachohitaji ni skrini inayofunguka haraka.

Kuna vile vya kutupa kwa sababu mashine inaweza kuvifanya. Tulikuwa na kisanduku kinasema "Je, kodi ya M-Pesa imeandikwa kamili?" Kodi ina herufi na tarakimu 10. Kompyuta inajua kuhesabu mpaka kumi bila kuchoka saa tisa usiku. Ifanye ile sehemu ya kuandikia ikatae kodi ya herufi tisa, basi, kisanduku kife. Kumpa binadamu kazi ya kuhesabu herufi mbele ya kompyuta ni kama kubeba baiskeli kichwani.

Halafu kuna vile vya adabu. Salamu, kujali, shukrani, nyota. Hivi ndivyo ninavyovichukia kuliko vyote, na si kwa sababu adabu ni mbaya. Ni kwa sababu adabu ya tiki si adabu.

Siku moja kijana alituandikia. Baba yake amefariki, kuna oda baba aliweka kabla ya kuzidiwa, anaomba ifutwe na akaunti ifungwe ili mama asiendelee kupata zile jumbe za "tumekukosa, rudi dukani". Ejenti aliyeishika akafuata orodha. Akamwita kwa jina lililo kwenye akaunti, ambalo ni jina la marehemu. Akaandika "naelewa jinsi jambo hili linavyokukera", kwa sababu ndiyo sentensi ya kisanduku cha kujali. Akauliza kama kuna lingine la kusaidia leo. Akaomba nyota tano.

Yule ejenti si mtu mbaya. Nyumbani kwao kukiwa na msiba, ndiye wa kwanza kupika chai. Angeachiwa nafasi angeandika "Pole sana kwa msiba, ndugu. Nimefuta oda na kufunga akaunti, mama hatapata ujumbe mwingine kutoka kwetu." Kila mtu aliyelelewa hapa anajua kusema pole. Orodha ilimnyang'anya kitu alichokuwa nacho tayari, ikampa kibaya zaidi. Na alijua kabisa, lakini angeacha kisanduku kimoja wazi, alama zake za mwezi zingeshuka na bonasi kwenda.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii. Orodha ni ya vitu vinavyosahaulika. Kumsikiliza mtu hakusahauliki kwa kukosa kisanduku, kunakosekana kwa kukosa muda. Tiketi ikiwa na msiba, ugonjwa, tishio au mtu anayelia, funga orodha, mpe ejenti dakika za ziada na umwamini. Akifika kwenye kurudisha pesa, geti la vitano liko palepale, kwa sababu hata mfiwa anastahili kurudishiwa kiasi sahihi.

Najua mtakachosema. Timu lida wangu alikisema pia: "Tukiondoa orodha, wageni watafanya nini?"

Swali zuri, na jibu ni kwamba mnachanganya vitu viwili. Ejenti wa wiki ya kwanza anahitaji maelekezo marefu, hatua kwa hatua, soma kisha fanya. Hiyo ni ramani. Mtu anayejua njia hahitaji ramani, anahitaji mtu wa kumshika bega kabla ya kuvuka Thika Road. Ukimpa ramani ya kila hatua mtu aliyefunga tiketi 5,000, atafanya venye tulifanya sote: atamaliza kazi kwanza, kisha ataweka tiki 17 kwa mpigo kama anayepiga kinanda. Mpe mgeni ramani, na siku akiijua njia, ichukue.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, wenzangu wakongwe: "Mimi sihitaji orodha yoyote, nimekaa hapa miaka mitatu." Pole, nawe pia unahitaji geti. Kosa langu la 3,450 halikuwa la ugeni. Nilikuwa na miezi tisa kazini na nilikuwa kati ya wenye kasi. Kasi ndiyo iliyonidanganya. Tiketi ya 60 inafanana na ya 59, mkono unaenda wenyewe, na macho yanaona kile yalichozoea kuona. Ujuzi haukulindi na hilo. Unaliongeza.

Pia msiniambie dawa ni kuwalazimisha watu. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka jimbo la Ontario, Canada, ambako hospitali 101 zilikuwa zimeanza kutumia orodha ya usalama wa upasuaji. Hiyo orodha ilikuwa na sifa kubwa, kwa sababu majaribio ya awali katika hospitali nane za nchi mbalimbali yalionyesha vifo na matatizo yakipungua. Ontario, watafiti walipolinganisha kabla na baada, hawakuona tofauti ya maana. Wataalamu walibishana kuhusu sababu, na moja waliyoitaja wengi ni hii: kuripoti kwamba orodha imejazwa si sawa na watu kuitumia kweli. Kama daktari wa upasuaji anaweza kuweka tiki bila kuitumia, unadhani ejenti wa naiti mwenye tiketi 40 mbele yake atafanya nini?

Na kujua orodha imekufa si ngumu. Bosi, fungua rekodi zako uangalie muda wa tiki. Kama visanduku vyote 17 vimejazwa ndani ya sekunde nne, hakuna aliyesoma. Kama kila mtu ana asilimia 100 na bado tiketi zilizofungwa zinarudi kufunguliwa kwa sababu zilezile, orodha inapima utii tu. Kisha chukua tiketi 50 za mwisho zilizorudi, kaa chini na maejenti wawili wakongwe, mwulize kila moja: ni hatua gani ilirukwa hapa? Hatua zinazojirudia ndizo zenye haki ya kuwa kwenye orodha. Kisanduku ambacho hakijawahi kumwokoa mtu kwenye zile tiketi 50, na ambacho kikirukwa hakiharibu kitu kisichorekebishika, kitoe. Ukiongeza kipya, uwe na tiketi mkononi inayoonyesha kwa nini.

Kuna bosi atasema mteja wao wa ng'ambo, yule anayetoa kandarasi, ndiye anayetaka visanduku 17. Sawa. Basi mwonyeshe hesabu: dakika 68 kwa kila ejenti kila siku, na pesa zinazotoka mara mbili huku alama zikisoma 100. Anayelipa bili ataelewa lugha hiyo haraka kuliko ninyi.

Mimi nilitoka ile kazi. Yule dada sijui kama alifunguliwa akaunti yake. Ninachojua ni kwamba aliandika ukweli tangu saa nne asubuhi, akalipa mara mbili kwa pesa ya kukopa, na mwisho akaitwa mwizi kwa kosa letu. Kwenye rekodi zetu, siku hiyo alihudumiwa kikamilifu. Kuna tiki 17 za kuthibitisha.